Pu, Tifu, Tapwi, Chubwi: Maneno Yanayoonyesha Badala ya Kueleza

Kitu kikianguka, Mswahili haridhiki kusema tu kwamba kimeanguka. Anataka msikilizaji ajue kimeangukia wapi na kwa uzito gani, na yote hayo huyamaliza kwa silabi moja au mbili. Nazi ikidondoka kutoka mnazini ikapiga ardhi ngumu, imeanguka pu. Ikitua kwenye mchanga mkavu, imeanguka tifu. Ikiingia kwenye tope la mtaroni, imeanguka tapwi. Na ikibiringika mpaka ikatumbukia kisimani, chubwi! Kitenzi hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kile kineno cha mwisho, na hicho ndicho kilichotuambia kama nazi imelala juu ya udongo, imezama topeni au inaelea majini.

Ukiyatamka maneno hayo polepole utaona hayakuokotwa ovyo. Katika pu, midomo hufungwa, ikafunguka kwa mshindo, na mambo yakaishia hapo, kama mshindo wa kitu kizito unavyokwisha mara moja. Katika tifu, ile f huachia pumzi ikatoka kidogo kidogo, na ndivyo mchanga mkavu unavyofanya: haulii, unafuka. Undugu wake unasikika pia katika kitenzi tifua na katika jina ambalo mkulima yeyote analijua, udongo tifutifu, yaani udongo laini usioshikana. Chubwi nalo lina sehemu mbili. Ch ndiyo pale kitu kinapopasua uso wa maji, na bwi ni pale maji yanapokifunika. Wavuvi wa pwani wanalo neno hilohilo kwa lile risasi linalofungwa kwenye mshipi ili uzame. Nalo pia huitwa chubwi.

Wanafunzi wa Kenya hukutana na maneno haya kwa jina la tanakali za sauti. Kwa upande wa Tanzania utayasikia zaidi yakiitwa viigizi au vielezi viigizi. Majina yote mawili yanafaa, ila yana upungufu mmoja unaotuficha nusu ya jambo lenyewe, kwa sababu yanatufanya tudhani kazi ya maneno haya ni kuiga sauti tu.

Chukua nguo nyeupe pe. Weupe hauna sauti. Hakuna aliyewahi kusikia shuka likisema pe, wala mkaa ukisema ti, wala damu ikisema pyu. Hata hivyo tunasema nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu pyu, na kila kineno kimeshikamana na rangi yake. Mtoto akisema "nyekundu pe" nyumba nzima itacheka, ingawa hakuna aliyekaa akamfundisha kanuni hiyo. Vivyo hivyo mtu hulala fofofo, hulewa chakari, hutulia tuli, hulowa chapachapa, hujifunika gubigubi. Ukumbi hujaa pomoni na giza huwa totoro. Tena kimya chenyewe, ambacho maana yake ni kukosekana kwa sauti, tumekipa neno: watu wakanyamaza ji.

Ndiyo maana Clement Doke, mtaalamu wa lugha za Kibantu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand huko Johannesburg, alipotafuta istilahi mwaka 1935 hakutaka jina lililofungwa kwenye sauti peke yake. Alichagua jina linalotokana na wazo, ideofoni, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba katika lugha hizi wazo lolote linaloguswa na hisi linaweza kuchorwa kwa sauti, liwe rangi, mwendo, harufu au ukimya. Nitalitumia neno hilo hapa pale ambapo viigizi halitoshi. Kiswahili hakina nyingi kama ndugu zake wa kusini, Kizulu na Kishona, ambazo zina mamia kwa mamia. Lakini zile kilizo nazo kinazitumia kila siku, hasa pale watu wanapozungumza bila kujipamba.

Sasa tumgeukie Mwingereza. Yeye naye ana shuka jeupe na mkaa mweusi, na anataka mwenzake auone weupe wenyewe. Atafanyaje? Mara nyingi atakwenda kutafuta kitu cha kulinganisha. Atasema shuka ni jeupe-theluji, usiku ni mweusi-lami, vazi ni jekundu-damu. Mtu aliyekufa kabisa yeye humwita mfu-jiwe, na kitu kilichokauka ni kikavu-mfupa. Aliyelowa chapachapa kwake amelowa mpaka kwenye ngozi. Sisi pia tunalinganisha, kwani weupe kama pamba na weusi kama mkaa ni maneno yetu ya siku zote. Tofauti ni kwamba sisi tuna njia ya pili, na njia hiyo haipiti kwenye kitu chochote. Pe haikupeleki kwenye pamba wala theluji. Inapiga sikio, na weupe unakuwepo.

Hapo ndipo baadhi ya watu hufikia uamuzi wa haraka kwamba Kiingereza ni lugha kavu na Kiswahili ni lugha yenye uhai. Nakataa. Kiingereza kina uhai huohuo, ila kimeuweka mahali ambapo sisi hatuendi kuutafuta. Ili kupaona, tumsikilize kijana wa bodaboda akiwasimulia wenzake kijiweni kwa nini amechelewa na kwa nini suruali yake ina tope.

"Basi wazee, mimi nakuja zangu taratibu, mara gari hilo, vyuuu! Halina taa, halina honi. Nikashika breki, kriiii! Pikipiki ikayumba, nikaona hapa nitamwingia yule mama, bora mtaro. Nikaingia mtaroni, tapwi! Tope mpaka masikioni."

Ana ideofoni tatu katika masimulizi mafupi hivyo, na kila moja inafanya kazi yake. Vyuuu imechukua nafasi ya kitenzi kizima, kwani hakusema gari lilipita wala lilikwenda kasi. Ile vyuuu ndiyo kupita kwenyewe, na urefu wa ile u ndio urefu wa gari kutoka upande huu mpaka upande ule. Kriiii imekuja baada ya sentensi iliyokwisha kamilika: nikashika breki, nukta, kisha sauti. Tapwi nayo ni fupi, haivutwi, kwa kuwa kuingia topeni hakuchukui muda. Kama ungekuwepo kijiweni ungeona pia kwamba kabla ya kila moja alinyamaza kidogo, na kwamba mkono wake ulikata hewa kwenye vyuuu na kuanguka kwenye tapwi. Ideofoni na mkono huwa vinatoka pamoja. Mwambie asimulie huku mikono iko mfukoni, na utaona jinsi anavyopata shida.

Sasa mpe Mwingereza mwenye kipaji kisa hichohicho. Maneno yake nitayaandika kwa tahajia yetu, kama yanavyoingia sikioni, kwa sababu hapa tunayatafuta kwa sauti yake na si kwa maandishi yake. Gari lililopita vyuuu, kwake litakuwa limezum. Zum ni sauti ya injini inayopita, lakini yeye ameifanya kitenzi: ameipa wakati uliopita, akaifungia na kijineno cha kuonyesha kwamba gari lilipita kando. Breki zake hazikulia kriiii. Yeye mwenyewe aliskrich mpaka akasimama. Skrich ni ule mlio mkali wa mpira ukisuguana na lami, nao pia ni kitenzi. Na mtaroni hakuingia tapwi, aliskwelch ndani ya tope, neno ambalo ukilitamka unausikia mguu ukinasa na kunasuka.

Kwa hiyo picha zote tatu zipo. Hakupoteza hata moja. Alichofanya ni kuziingiza ndani ya sentensi, mahali pa kitenzi, ambapo zinabeba nafsi na wakati kama kitenzi kingine chochote. Sisi tumeziacha nje ya sarufi, zimesimama peke yake. Tunaweza kuuona utengano huo kwa jaribio dogo. Ondoa kriiii na tapwi katika masimulizi ya yule kijana. Kilichobaki ni Kiswahili safi: nikashika breki, nikaingia mtaroni. Habari imekwisha poa, lakini sentensi zimesimama. Ondoa skrich katika sentensi ya Mwingereza, na sentensi yenyewe inaanguka, kwa sababu umeng'oa kitenzi, na hatujui tena huyo mtu alifanya nini.

Kiingereza kinafika mbali sana kwa njia hii. Kinaweza kuchukua kitenzi cha mlio na kukitumia kama kitenzi cha mwendo. Nzi haingii chumbani akivuma. Yeye "huvuma ndani ya chumba", na msomaji anaelewa kwamba aliingia kwa kuruka huku akilia vile. Treni "hunguruma kupita" kituo. Mlango wa zamani "hukwaruza kufunguka". Ukijaribu kumwambia mtu kwa Kiswahili kwamba nzi alivuma chumbani, ataelewa nzi alikuwa chumbani tayari, anavuma. Kuingia kumepotea. Ndiyo sababu sisi tunahitaji maneno mawili, nzi aliingia akivuma, au tunaiita ideofoni: nzi akaingia, zzzzz.

Mpaka kati ya lugha hizi mbili hauko wazi kabisa, na ni vizuri kulisema hilo. Kiswahili nacho kinajua kugeuza sauti kuwa kitenzi. Mtu hubamiza mlango, hukoroma, hugogota, maji hububujika, ngoma hudunda, radi hunguruma. Na pikipiki ilipata jina lake kwa mlio wake. Kiingereza nacho, hasa kwa watoto na katika maongezi ya kawaida, husema bunduki "ilikwenda bang" na puto "likaenda pop". Hapo ametumia kitenzi tupu cha kwenda, akaiacha sauti isimame peke yake, kama sisi tunavyosema "ikafanya pu" na kama Wazulu wanavyotanguliza kitenzi chao cha kusema, ukuthi, kabla ya ideofoni. Vitabu vya katuni vya Marekani vimejaa sauti za namna hiyo, zimeandikwa kwa herufi kubwa juu ya ngumi inapofika usoni. Mchoraji Roy Lichtenstein alichukua moja ya sauti hizo, Waam, akaifanya jina la mchoro wake mkubwa wa ndege ya kivita mwaka 1963. Lakini katika lugha ya Mwingereza mtu mzima anayeandika kwa makini, sauti hizi ni za pembeni. Mzigo umebebwa na vitenzi.

Vitenzi hivyo vina familia, na hapa Kiingereza kina jambo ambalo mzungumzaji wa Kiswahili anayejifunza lugha hiyo hufurahi akilijua, kwa kuwa kamusi nyingi hazimwelezi. Sikiliza: krash, smash, klash, bash, splash. Yote yanaishia kwa ash, na yote yana kitu kinachogonga kingine kwa nguvu na kusambaa. Sikiliza tena: glita, glima, glou, glim. Yote yanaanza kwa gl, na yote yana mwanga, mwanga usio mkali, wa kumetameta. Mwingereza J. R. Firth aliziona familia hizi na mwaka 1930 akazipa jina, fonestimu, yaani vipande vya sauti vinavyobeba hisia fulani bila ya kuwa na maana kamili peke yake. Gl si neno. Lakini mwandishi wa Kiingereza akitaka kubuni neno la kitu kinachong'aa, ulimi wake utakwenda gl wenyewe.

Mwanafunzi asidhani kwamba amepata kanuni. Glav ni kifuko cha mkono na glu ni gundi, hakuna mwanga hapo. Kash ni fedha taslimu, wala hazigongani na chochote. Familia hizi ni mwelekeo tu. Zinasaidia sikio kukisia, na kukisia kwenyewe hukosea.

Kuna mwelekeo mwingine unaoonekana kuvuka lugha nyingi. Mwaka 1929 Edward Sapir aliwapa watu maneno mawili ya kubuni, mal na mil, akawaambia yote ni majina ya meza, moja kubwa na moja ndogo. Wengi sana walisema mal ndiyo kubwa. Irabu i huwafanya watu wafikirie kitu kidogo, chepesi, chembamba. Irabu a huwapa kitu kikubwa, kipana. Kwetu mtu mzima akiangua kicheko hucheka kwa kwa kwa, na mtoto akilia kwa unyonge hulia kwi kwi kwi. Badilisha irabu uone: mtu mzima anayecheka kwi kwi kwi anajizuia, anaficha kicheko mdomoni. Mwingereza naye saa yake hulia tik-tok na kengele yake ding-dong, i ikitangulia, na hawezi kugeuza mpangilio huo bila sikio lake kukataa.

Je, basi mgeni asiyejua Kiswahili anaweza kukisia maana ya chubwi? Kwa hilo lina nafasi. Watafiti wakiongozwa na Mark Dingemanse waliwapa Waholanzi ideofoni za Kijapani, Kikorea, Kisemai cha Malesia, Kisiwu cha Ghana na Kiewe, na matokeo waliyochapisha mwaka 2016 yalionyesha kwamba watu hao walikisia maana kwa usahihi unaozidi ule wa kubahatisha, lakini si kwa mbali sana. Zilizohusu sauti ndizo walizozipata vizuri zaidi. Hiyo inaafikiana na tunachokijua nyumbani. Mgeni anaweza kubahatisha chubwi, pengine na tifu. Pyu hataiotea hata siku moja. Wekundu wa pyu tumepewa na waliotutangulia, nasi sasa tunauona kwa sababu tulikua nao.

Kuna dalili moja inayonisaidia kuitambua ideofoni halisi kuliko zote, nayo ni kukanusha. Jaribu kusema: "Nazi haikuanguka pu." Sentensi ina kasoro, ingawa si rahisi kutaja kanuni iliyovunjwa. Inakubalika mahali pamoja tu, pale unapobishana na mtu aliyekwisha sema pu: "Haikuanguka pu, ilianguka chubwi, mimi nilikuwepo." Kuuliza nako ni vigumu, hakuna anayeuliza "Je, ilianguka tifu?" kabla ya kusimuliwa. Sababu ni kwamba ideofoni inakuonyesha jambo, na huwezi kumwonyesha mtu jambo ambalo halikutokea. Kitenzi cha Kiingereza hakina kizuizi hicho. Mwingereza anamwambia mtoto asislam mlango, na kesho yake mtoto anasema hakuslam, na kila kitu kiko sawa. Sauti imekuwa neno la kawaida, imepata haki zote za neno la kawaida, na kwa kufanya hivyo imepoteza uhuru mmoja: slam haivutwi. Hakuna anayesema alislaaaam mlango akaongeza na wakati uliopita. Sisi tunasema ukafungwa baaaam, au bam bam bam kama ulifungwa mara tatu, na kila msimulizi hupima urefu kwa mlango wake.

Uhuru huo ndio unaopotea ideofoni zinapofundishwa kama orodha ya kujaza nafasi: anguka majini dash, jibu chubwi, nuka dash, jibu fee. Mtoto atapata alama zake, lakini atatoka akiamini kwamba haya ni majibu ya mtihani, wakati bibi yake nyumbani anayatumia kila jioni kwa namna ambayo kitabu hakiiandiki. Mwalimu anayewafanya wanafunzi wasimulie tukio kwa sauti kwanza, kisha wakayachukua maneno kutoka katika masimulizi yao wenyewe, atapata yale ya orodhani na mengine ambayo mwandishi wa kitabu hakuyafikiria.

Mahali ambapo tofauti ya lugha hizi mbili inagusa mwili wa mtu ni chumba cha daktari. Mgonjwa anasema: "Daktari, kichwa kinanigonga ngo ngo ngo, na sikio hili linalia ngiii. Nikipanda ngazi moyo unafanya du du du." Hayo ni maelezo ya maana sana. Ngo ngo ngo ni maumivu yanayokuja kwa mapigo yenye nafasi kati yake. Ngiii ni mlio mwembamba usiokatika. Du du du ni mapigo mazito ya haraka. Mkalimani asiye makini atamwambia daktari wa kigeni kwamba mgonjwa anaumwa sana kichwa, sikio linalia na moyo unakwenda mbio. Kasi na mpangilio wa mapigo vimeachwa mlangoni.

Kiingereza kinayo maneno ya hali hizo, na yamewekwa rasmi. Mwaka 1975 Ronald Melzack wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitoa dodoso la maumivu lenye maneno 78 yaliyopangwa katika makundi 20, ili mgonjwa achague linalofanana na maumivu yake. Ukiyatazama utaona mchezo uleule: mengi ni vitenzi vilivyogeuzwa kuwa sifa. Kuna maumivu yanayodunda, yanayopiga, yanayochoma kisu, yanayotafuna, yanayounguza. Hakuna sauti hata moja iliyoandikwa katika dodoso hilo, lakini lile neno lake la maumivu yanayodunda ndilo hasa ngo ngo ngo ya mgonjwa wetu. Mkalimani anayelijua hilo hatatafuta sauti ya Kiingereza ya kuigiza mbele ya daktari. Atatafuta kitenzi.

Ushauri huohuo unamfaa mfasiri wa hadithi, kwenda na kurudi. Akiwa anatoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kosa la kwanza ni kuibakiza ideofoni kama ilivyo, tapwi katikati ya sentensi ya Kiingereza, na msomaji asijue ni nini. Kosa la pili, ambalo ni la kawaida zaidi, ni kuifuta na kuweka neno lenye maana ya "kabisa" au "sana". Nyeupe pe ikawa nyeupe sana, akalala fofofo ikawa alilala kabisa. Anayerudi upande wetu hukosea kwa namna nyingine. Anakutana na mtu aliyeslam mlango, anafungua kamusi, anaandika "alifunga mlango kwa nguvu". Hakudanganya, lakini hasira imetoka. Angeandika "akaubamiza mlango", au akaiacha sentensi ifike mwisho ndipo alete sauti: "Akatoka. Mlango ukafungwa nyuma yake, bam!"

Niichukue sentensi moja niifuate mpaka mwisho. Mwandishi wa Kiingereza ameandika kwamba mzee mnene alirejea nyumbani kutoka shamba, akaflop kitini, akasnor mpaka jioni. Flop ni kuanguka kwa kitu kizito kisicho na mifupa, kitu kilichochoka. Mfasiri wa kwanza anaandika: "Mzee mnene alirudi kutoka shambani akaketi kitini kwa uchovu, akakoroma mpaka jioni." Koroma imepatikana bila tabu, kwa kuwa Kiswahili kinacho kitenzi cha mlio huo. Tatizo ni flop. "Akaketi kwa uchovu" inatuambia sababu, na mwandishi hakusema sababu. Alituonyesha mwili ukishuka. Jaribio la pili: "akajibwaga kitini". Hapa tumefika karibu sana, maana kujibwaga ni kujiangusha bila kujishika. Jaribio la tatu linatumia njia yetu: "akakifikia kiti, pwata!" Pwata lina unyevu na ulegevu ambao pu haina, na kwa hiyo mzee si gunia, ni mtu aliyelegea. Mimi ningechukua kujibwaga ikiwa kitabu kizima kimeandikwa kwa sauti ya utulivu, na pwata ikiwa kinasimuliwa na mjukuu. Ningeziacha zote mbili pamoja? Hapana. Kujibwaga imekwisha beba uzito, na pwata ikiongezwa juu yake kiti kitavunjika.

Mizani hiyo ndiyo inayotofautisha msimulizi hodari na anayepiga kelele. Yule kijana wa bodaboda alikuwa na nafasi nyingi za kuweka sauti, kwenye injini yake, kwenye kuyumba, kwenye mayowe ya yule mama. Aliziacha. Alichagua gari, breki na tope, yaani chanzo, katikati na mwisho wa mkasa, na kati ya moja na nyingine akasema Kiswahili cha kawaida. Katika maandishi nafasi ni finyu zaidi, kwa sababu msomaji hana mkono wa msimulizi wala kimya kinachotangulia. Mkato na alama ya mshangao ndivyo vinavyobeba kazi hiyo, navyo havibebi mingi kwa ukurasa mmoja.

Tahajia nayo haijatulia. Gari linalopita kasi wengine huliandika vyuu, wengine vuu, na breki ni kriii kwa huyu na kwiii kwa yule. Kwa kawaida kamusi huyaweka maneno haya chini ya vielezi na kuyapa mstari mmoja, umbo moja, bila kueleza kama linavutwa au linarudiwa, wala linafuatana na vitenzi gani. Kwa pe na pyu hilo linatosha, kwa kuwa yameganda. Kwa vyuu halitoshi. Kamusi yenye sauti ingeweza kuliweka neno kama linavyosemwa, kijana wa kijiweni akilitamka katika kisa chake, bibi wa Lamu katika chake na mvuvi wa Kilwa katika chake, na msikilizaji angesikia mwenyewe kwamba chubwi ya jiwe dogo na chubwi ya nanga hazilingani.